Umefunga butiki, lakini tangazo lako bado linakula pesa ya mtumishi wako

Leo maneno yangu ni kwa wenye butiki. Wako wengi walioondoka Goma tangu mwisho wa Januari 2025. Wengine wako Beni, wengine Bujumbura, wengine Kampala. Walibeba bidhaa walizoweza kubeba, wakafunga mlango, wakawaaga watumishi. Wengi wao walikuwa wanatangaza kwenye Facebook. Leo ukimwuliza mmoja wao kama konti yake ya matangazo imefungwa, atakujibu: “Niliacha kulipa, itajifunga yenyewe.”

Haijifungi. Na wakati wewe unangoja ijifunge, kuna mtu anayelipa, na mtu huyo mara nyingi si wewe.

Nitaeleza kisa kimoja bila kutaja jina la mtu wala la duka. Ni butiki ya nguo na viatu, yenye watumishi watatu. Mwenye butiki hakuwa na kadi ya Visa, hivyo aliomba kadi ya binti aliyekuwa anapokea pesa dukani. Kadi ikaandikwa kwenye konti ya matangazo, na kila mwezi bosi alimrudishia binti pesa yake mkononi. Tangazo liliwekwa dola 5 kwa siku, bila tarehe ya mwisho. Vita vilipofika, bosi alivuka mpaka na binti akakimbia na mama yake. Tangazo halikukimbia. Liliendelea kuwaita watu waje kununua viatu katika duka ambalo lilikuwa limekwisha kuvunjwa na kuibwa.

Siku ya tano kadi ikakatwa dola 25. Siku ya kumi, dola 25 nyingine. Siku ya kumi na tano, tena 25. Siku ya ishirini kadi ikakataa kwa sababu haikuwa na kitu. Dola 75 za binti zilikwisha, akiba ya familia iliyolala chini ya turubai, na konti ikabaki na deni la dola 25. Ndipo tangazo liliposimama. Halikusimama kwa sababu bosi alijali, lilisimama kwa sababu pochi ya mtumishi ilikauka.

Tuelewe jinsi jambo hili linavyokwenda, maana wengi wanadhani Facebook inakata pesa kila siku na hivyo wangeona mapema. Sivyo. Kwa konti nyingi za kadi, Meta, yaani kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, inaliacha deni lipande hadi kiwango fulani, kisha inakata mara moja. Katika kisa chetu kiwango kilikuwa dola 25. Konti inayolipa vizuri kiwango chake hupandishwa, na hapo mkato mmoja unakuwa mkubwa zaidi. Isipofika kiwango, hukatwa siku ya hesabu ya mwezi. Kwa hiyo hata ukisimamisha tangazo leo, kunaweza kuja mkato mmoja wa mwisho kwa siku zilizokwisha kutumika. Huo si wizi. Wizi ni ule wa kuuacha uje kwenye kadi ya mtu mwingine bila kumwambia.

Najua utetezi unaokuja. “Nilifuta aplikesheni kwenye telefoni.” Kufuta aplikesheni ni kama kuvunja redio ukidhani umefunga kituo. Konti haimo ndani ya telefoni yako. “Nilibadilisha nambari ya simu.” Hilo ni baya zaidi, maana sasa hata ujumbe wa onyo hautakufikia. “Nilisimamisha tangazo.” Afadhali, lakini tangazo lililosimamishwa linaweza kuwashwa tena kwa kugusa mara moja na yeyote aliye na ruhusa kwenye konti. Na katika kisa chetu, mwenye ruhusa alikuwako.

Huyo ni fundi wa matangazo. Kijana alipewa usimamizi kamili wa konti mwaka mmoja kabla, akalipwa kazi yake, na hakuna aliyemwondoa. Wiki chache baada ya kadi kukauka alilipa lile deni la dola 25, akaweka njia yake ya malipo, akaanza kutangaza mikopo ya haraka kwa jina la butiki. Tangazo hilo halikuwaendea watu ovyo. Liliwaendea wateja wale wale wa butiki, kwa sababu orodha yao ilikuwa bado imo ndani ya konti. Mama aliyenunua viatu vya watoto mwaka 2024, sasa amehama, hana kitu, anaona butiki anayoifahamu inamwahidi mkopo akitoa kwanza “pesa ya fomu”. Atakosaje kuamini? Wengine waliamini na kutoa. Mtasema fundi ni mwovu, nami nakubali. Lakini hakuvunja mlango wowote. Aliukuta wazi.

Hapa niseme wazi kuhusu hizo orodha, maana kuna woga usio na msingi na kuna hatari ya kweli, na watu huchanganya vyote viwili. Ukipandisha nambari za simu za wateja wako ili Facebook iwatafute, nambari hizo hubadilishwa kuwa msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka kabla ya kulinganishwa. Orodha inayobaki kwenye ukurasa wa `Audiences` haiwezi kupakuliwa ikarudi kuwa nambari. Fundi hakuweza kuzisoma humo. Ila hakuhitaji kuzisoma. Ilimtosha kuichagua orodha na kusema: waonyeshe hawa tangazo langu. Pia aliweza kuitumia kutengeneza orodha ya pili, ya watu wanaofanana na wale.

Zile zinazosomeka ziko mahali pengine, na hapo ndipo wenye butiki husahau kabisa. Kama tangazo lako lilikuwa na fomu ambayo mteja anajaza jina na simu ndani ya Facebook yenyewe, majibu yale yanaweza kupakuliwa kwa muda wa siku 90, yakiwa na majina na nambari wazi, na mtu aliyepewa ruhusa hiyo kwenye ukurasa wako. Halafu kuna ile faili ya Excel uliyoitumia kupandisha orodha. Iko kwenye kompyuta ya duka iliyoibwa? Iko kwenye telefoni ya fundi? Ulimtumia kwa WhatsApp? Kuifuta orodha ndani ya `Audiences` hakuigusi faili hiyo hata kidogo. Lazima uitafute kila ilipokwenda na kuifuta, na kwa fundi umwambie kwa maandishi aifute, ili siku ya kuulizwa uwe na la kuonyesha. Nchi yetu ina Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023, na ndani yake mna sehemu nzima juu ya habari za siri za watu. Hapana mahali inaposema kwamba mfanyabiashara aliyehama amesamehewa.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniudhi kuliko dola 75.

Butiki ile ilikuwa na tovuti ndogo. Bosi, kwa moyo mwema kabisa, aliwaachia vijana wa kamati ya kartie yake tovuti hiyo waitumie kuandikisha familia zilizohama: jina la mkuu wa familia, nambari ya simu, idadi ya watoto, mahali wanapolala. Vijana wakaondoa picha za viatu, wakaweka fomu. Hakuna aliyetazama kichwa cha tovuti, sehemu isiyoonekana kwa macho, ambako mistari hii ilikuwa bado ikikaa:

```
fbq('init', 'NAMBA_YA_PIKSELI');
fbq('track', 'PageView');
```

Hiyo ndiyo pikseli ya Meta, msimbo wa kufuatilia. Mstari wa kwanza unasema ni konti ya nani inayofuatilia. Wa pili unatoa habari kila mara mtu anapofungua ukurasa. Kazi yake ilikuwa kumjua mteja aliyetazama kiatu akaondoka bila kununua, ili tangazo la kiatu limfuate. Pikseli haijui kwamba vita vimekuja. Haijui kwamba ukurasa wa viatu umekuwa ukurasa wa familia zilizohama. Kila mama aliyefungua fomu ile alihesabiwa kuwa mgeni wa butiki, akaingizwa katika orodha ya waliotembelea tovuti, orodha ambayo inaweza kumshika mtu hadi siku 180. Na orodha hiyo, kumbukeni, ilikuwa mikononi mwa fundi wa mikopo.

Kuna zaidi. Pikseli ina kitufe cha kulinganisha habari kwa undani, na katika konti ile kilikuwa kimewashwa. Kikiwashwa, nambari ya simu au barua pepe ambayo mtu anaiandika kwenye fomu inaweza kuchukuliwa, ikageuzwa ule msururu usiosomeka, na kutumwa Meta ili ijulikane ni mtu gani hasa. Kwa hiyo familia iliyoandika nambari ili ipate blanketi iliandikishwa pia kwenye orodha ya biashara, bila kuambiwa wala kuulizwa. Mtu anayeficha mahali anapolala ana sababu zake, na sitazieleza hapa, mnazijua.

Ndiyo maana nasema msimbo unatolewa kabla tovuti haijapewa mtu mwingine. Kuupata si kazi ngumu. Fungua tovuti yako kwenye kompyuta, si kwenye telefoni, bonyeza Ctrl na U pamoja, utaona maandishi yote yaliyo nyuma ya ukurasa. Kisha bonyeza Ctrl na F, tafuta `fbq`. Tafuta pia `gtag` na `GTM-`, maana Google nayo ina misimbo yake, na huo wa `GTM-` ni kama mfuko: unaweza kuwa umebeba pikseli ya Meta ndani bila neno `fbq` kuonekana. Ukiukuta, ingia kwenye mfuko wenyewe utoe kilichomo, au utoe mfuko mzima.

Usidanganyike ukiona `fbq` imetoweka. Tovuti nyingi za butiki zimejengwa kwa WordPress, na programu-jalizi ya duka inaweza kuwa inapeleka habari kutoka kwenye seva moja kwa moja, bila kupitia kwenye ukurasa. Njia hiyo huioni kwa Ctrl na U. Ingia katika usimamizi wa tovuti, tafuta programu-jalizi iliyounganishwa na Facebook, ikate muungano huo, kisha uiondoe. Halafu ngoja siku moja, uende kwenye sehemu ya Meta inayoonyesha matukio ya pikseli, utazame saa ya mwisho ilipopokea kitu. Ikiwa ni jana asubuhi, kabla hujatoa msimbo, umemaliza. Ikiwa ni dakika tano zilizopita, bado kuna bomba linalovuja, rudi utafute.

Sasa utaratibu wenyewe. Nauweka kwa mfuatano kwa sababu wengi wanaotaka kufanya vizuri wanaanza na mwisho. Wanafunga konti kwanza, halafu wanagundua hawawezi tena kuingia kufuta orodha. Au wanajitoa wenyewe kwenye usimamizi kwa hasira, na kumwachia fundi funguo zote.

Kwanza simamisha na kufuta matangazo yote, hasa yale yasiyo na tarehe ya mwisho. Siku hiyo hiyo waondoe watu wengine kwenye konti: fundi, mtumishi aliyeacha kazi, kampuni iliyokusaidia. Angalia pia sehemu ya washirika, si ya watu tu, maana fundi anaweza kuwa aliingia kwa jina la kampuni yake. Wewe baki na usimamizi kamili hadi dakika ya mwisho.

Kisha nenda kwenye `Audiences`. Futa kwanza orodha za watu wanaofanana, halafu orodha zenyewe ulizozipandisha, halafu zile za waliotembelea tovuti. Pakua majibu ya fomu ikiwa bado una mzigo wa mteja wa kupeleka, la sivyo yaache yafe, na uondoe ruhusa ya kila mtu anayeweza kuyachukua. Toa msimbo kwenye tovuti kama nilivyoeleza.

Malipo yanakuja baada ya hapo. Fungua `Facturation et paiements`, pakua risiti zote kwanza, maana konti ikifungwa utahangaika kuzipata. Lipa deni lililobaki, hata kama ni dola 2. Deni likiwako, konti haikubali kuachana na kadi. Hata bila deni, kadi ikiwa ndiyo njia pekee ya malipo, huwezi kuiondoa hivi hivi: ama unaweka nyingine mahali pake, ama unafunga konti. Hapo ndipo watu wengi hukata tamaa na kuiacha ilivyo. Usiiache. Nenda kwenye mipangilio ya konti ya matangazo, chagua kuizima, yaani `Désactiver le compte publicitaire`, thibitisha, subiri mkato wa mwisho upite, kisha rudi baada ya siku chache uone kwa macho yako kwamba kadi haimo tena. Usiamini kwa kusikia. Konti iliyozimwa inaweza kufunguliwa tena na msimamizi, na ndiyo sababu nimesema watu na orodha vinaondolewa kabla, si baada.

Kazi hii yote, kwa butiki ndogo, ni jioni moja na kidogo. Wale wanaotuambia hawakuwa na nafasi, nawaamini kwa wiki ya kwanza. Siwaamini kwa mwezi wa sita, wakati tunawaona kila siku kwenye WhatsApp wakiuza vitenge kutoka Kampala.

Kuna wenye butiki ambao watagundua kwamba hawawezi kufanya lolote kati ya haya, kwa sababu konti haikuwa yao. Fundi aliifungua ndani ya biashara yake mwenyewe, wakapewa nafasi ya kutazama tu. Konti iliyo ndani ya biashara ya mtu haitolewi humo ikahamishiwa kwako. Kwa hiyo kinachobaki ni kumwandikia: futa orodha za wateja wangu, ondoa kadi, funga, unitumie picha ya kila ukurasa ulipomaliza. Na msimbo kwenye tovuti yako utoe wewe mwenyewe, usimngoje yeye. Na mafundi mnaosoma hapa, acheni kufungua konti za watu kwa majina yenu. Mnajua mnachofanya: mnamfunga mteja kamba mguuni ili asiweze kuondoka.

Namalizia na binti wa kadi, kwa sababu wako wengi kama yeye, na baadhi yenu mnanisikiliza. Kama kadi yako iko kwenye konti ya bosi na wewe si msimamizi wa konti hiyo, huwezi kuiondoa ukiwa peke yako. Tazama kwanza taarifa ya kadi: mkato wa Facebook huandikwa `FACEBK`, ukifuatwa na nyota na herufi kadhaa. Andika herufi hizo pamoja na tarehe na kiasi, maana kwa hizo bosi anaweza kuutafuta mkato huo kwenye risiti zake na hawezi kusema haujui. Mpelekee kwa maandishi, si kwa sauti. Asipojibu ndani ya siku mbili, piga simu benki uizuie kadi. Mlango wa benki kufungwa Goma haukuizuia kadi kukatwa, na haukuzuii wewe kupiga simu makao makuu au kumtuma ndugu aliye katika mji ambako tawi liko wazi, akiwa na nakala ya kitambulisho chako. Omba kadi mpya yenye nambari mpya. Deni litakalobaki kwenye konti ya matangazo ni la mwenye konti. Yule binti alifanya hivyo mwezi wa tatu. Dola zake 75 bado anazidai, na bosi wake, tunaambiwa, amefungua butiki nyingine na anatafuta mtu mwenye kadi.